Kuaga Kazini Kupitia LinkedIn: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huwajia watu katika wiki ya mwisho ya kazi, barua ya kuacha kazi ikiwa imeshapokelewa na kilichobaki ni kuandika maneno machache ya kuwaaga wenzao mbele ya watu. Majibu yanamlenga mtu anayetaka wenzake wajisikie wameshukuriwa kweli, na ambaye hataki chapisho lake ligeuke kuwa tangazo la cheo kipya.

Nichapishe lini?

Baada ya siku ya mwisho ya kazi, au siku hiyohiyo jioni ukishakabidhi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi, aliyepita mwezi wake wa kwanza kazini, atoe notisi isiyopungua siku 28. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inaweka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Siku hizo zote bado wewe ni mwajiriwa wa pale ulipo. Ukichapisha siku ya kwanza ya notisi, wateja wataanza kukuuliza mambo ambayo mwajiri hajayapangia jibu, na huenda hata mtu wa kushika nafasi yako hajapatikana.

Kuna sababu nyingine inayogusa shukrani zenyewe. Mwenzako wa dawati la jirani akijua unaondoka kwa kuona simu, kabla hujamwambia kwa mdomo wako, hakuna sentensi ya kumshukuru itakayoliponya hilo. Waambie kwanza ana kwa ana, wa karibu wakitangulia, kisha kundi la WhatsApp la ofisi, kisha barua pepe kwa wengine. LinkedIn iwe ya mwisho. Na kama mkataba wa kazi mpya haujasainiwa na pande zote mbili, usiitaje hata kwa fumbo, kwa kuwa ajira huahirishwa na nyingine hufutwa.

Je, ni lazima niseme ninakoenda?

Hapana. Una njia tatu, na zote ni za heshima. Ya kwanza ni kutosema kabisa, kisha ukatangaza kazi mpya katika chapisho lake wiki chache baada ya kuanza. Ya pili ni kusema kwa sentensi moja isiyo na cheo: "Mwezi ujao naanza kazi kwingine, bado katika mambo ya mizigo." Ya tatu ni kutaja jina la mwajiri mpya bila sifa yoyote, mwishoni kabisa.

Mimi napendelea ya pili. Ukikaa kimya kabisa, watu huanza kukuonea huruma au kukisia kwamba umefukuzwa, na maoni yote yatakuwa ya kuuliza. Sentensi moja tulivu inawatoa wasiwasi, na nafasi nyingine yote inabaki kwa wale unaowaaga.

Mbona chapisho langu linasikika kama majigambo, na sikukusudia?

Kwa sababu majigambo mara nyingi hayakai kwenye sentensi ya cheo. Hukaa sehemu nyingine, na sehemu hizo zinajirudia.

Sehemu ya kwanza ni ufunguzi. "Kwa unyenyekevu mkubwa ninayo furaha kuwatangazia…" Msomaji anajua kinachofuata ni habari ya kupanda cheo, na unyenyekevu uliotangulizwa hauipunguzi hata kidogo. Anza na unachokiacha, si unachokiendea. LinkedIn huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mingine ikafichwa mpaka mtu abonyeze kuendelea kusoma, kwa hiyo wengi wataona ufunguzi wako na basi. Mistari hiyo ikiwa inahusu kazi mpya, kwao chapisho zima linahusu kazi mpya.

Sehemu ya pili ni kusimulia hali uliyoikuta. "Niliikuta idara haina mfumo, nikaijenga." Ndani ya sentensi hiyo wapo watu waliokuwa pale kabla yako, na wengi wao bado wapo na wataisoma. Umewasema vibaya mbele ya wateja wao katika siku ambayo ungewashukuru.

Ya tatu ni takwimu. Ukiandika kwamba katika kipindi chako mauzo yaliongezeka mara mbili, hiyo ni sentensi ya wasifu wa kazi, na mahali pake ni kwenye wasifu. Isitoshe, huenda takwimu hizo ni siri ya mwajiri na uliahidi kwa maandishi kuzitunza.

Ya nne ni kwaheri inayoahidi makubwa: "Kaeni mkao wa kula, mambo makubwa yanakuja." Anayebaki akisoma hivyo anaelewa kwamba alipo yeye ni padogo.

Kuna swali dogo linalohusu imani, na linaulizwa sana. Kumshukuru Mungu katika chapisho la kuaga ni jambo zuri na la kawaida kwetu. Angalia tu sentensi inayofuata jina lake. "Namshukuru Mungu kwa watu niliofanya nao kazi" ni shukrani. "Namshukuru Mungu aliyeniinua hadi kuwa mkurugenzi" inatangaza cheo, na wasomaji wanalitambua hilo mara moja.

Nimshukuru nani, na kwa lipi?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapopita haraka. "Naishukuru timu nzima kwa ushirikiano" ni sentensi isiyomfikia mtu yeyote. Ungeweza kuihamishia ofisi nyingine isibadilike neno, na kila aliyeko kwenye timu anajua hivyo.

Shukrani inayofika ina mtu, ina alichokitenda, na ina kilichobadilika kwako au kwa kazi kwa sababu ya alichotenda. Ili kuyapata hayo, usianze kwa kuandika. Chukua karatasi ujiulize: ni nani aliyenifundisha kitu ninachokifanya hadi leo? Ni nani aliyefanya kazi ambayo sifa zake nilizipata mimi? Ni nani angekosekana wiki moja, ofisi ikayumba? Majibu ya swali la pili ndiyo yanayogusa zaidi yakisemwa hadharani, na mara nyingi mwenyewe hakuwahi kutarajia kuyasikia.

Chagua watu watatu au wanne. Ukifika kumi inakuwa orodha ya mahudhurio, na wa kumi na moja ndiye atakayeumia. Wengine waandikie ujumbe binafsi. Utaulizwa: na protokali? Je, mkurugenzi asitangulie? Kama mkurugenzi alikutendea jambo unaloweza kulisema, mtaje kwa jambo hilo. Kama hukuwahi kufanya naye kazi kwa karibu, mstari mmoja wa kuishukuru kampuni kwa nafasi iliyokupa unatosha. Kumweka mbele kwa sababu ya cheo tu kunafanya wanaomfuata waonekane wa kujazia.

Usiwasahau wasio na akaunti: dereva, mlinzi wa getini, mama anayeleta chai. Wataje kwa namna mnavyoitana ofisini, kisha piga picha ya skrini na uwatumie WhatsApp, au uwasomee.

Tahadhari moja. Kabla ya kusimulia alichokutendea mtu, jiulize kama bosi wake akikisoma kitamletea matatizo. "Alinisainia daftari la mahudhurio nilipochelewa" ni wema kwako, lakini umemshtaki. Vivyo hivyo aliyekupa nywila yake, au aliyeruka hatua ya ukaguzi ili kazi yako iishe mapema. Mshukuru pembeni.

Naomba kuona mfano mzima.

Tuchukue afisa wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Amekaa miaka sita, anahamia kampuni kubwa ya meli kuwa meneja wa kanda. Rasimu yake ya kwanza ni kama zile tunazoziona kila siku:

> Kwa unyenyekevu mkubwa, ninayo furaha kuwatangazia kwamba baada ya miaka sita ya mafanikio, ambapo niliijenga idara ya nyaraka kutoka hali duni hadi kuwa mfano wa kuigwa, nimeteuliwa kuwa Meneja wa Kanda katika moja ya kampuni kubwa zaidi za meli duniani. Haikuwa rahisi. Naishukuru timu yangu nzima kwa ushirikiano. Mambo makubwa yanakuja!

Ifanyie jaribio hili: funika kwa kidole sentensi ya shukrani, kisha soma tena. Chapisho limebaki kamili, halina pengo. Maana yake shukrani haikuwa sehemu ya habari. Sasa soma nyingine. Mahali penye mabano ni pa kuweka jina.

> Ijumaa jioni nilikabidhi funguo za kabati la nyaraka, nikawa nimemaliza miaka yangu sita katika [kampuni].
>
> Nilipoingia sikujua kusoma hati ya shehena. @[msimamizi wangu wa kwanza] alinikalisha kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kufika, akanipitisha mstari kwa mstari mpaka nikaacha kumuuliza. Hadi leo naanza kuisoma pale alipoanzia yeye.
>
> @[mwenzangu wa dawati] ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kulinganisha ankara na orodha ya mizigo kabla meli haijafunga gati. Sote tuliufuata, na mara nyingi aliyesifiwa ni mimi. Ulikuwa wake.
>
> Kaka zetu mnaoshinda bandarini, mlisimama kwenye foleni ya geti usiku wa mvua ili makontena yatoke kabla siku za bure za kuhifadhi hazijaisha. Nilikuwa nalala nikijua mpo. Na mama yetu wa chai ya saa nne, uliyetukopesha maandazi hadi mwisho wa mwezi: ahsante, mama.
>
> Dawati langu sasa liko kwa @[mrithi]. Mpokeeni kama mlivyonipokea mimi.
>
> Mwezi ujao naanza kazi kwingine, bado kwenye mizigo, hapahapa Dar es Salaam.

Rudia jaribio la kidole. Ukifunika shukrani hapa, inabaki sentensi ya kukabidhi funguo, ya mrithi na ya kuanza kazi kwingine. Habari nzima ilikuwa watu.

Angalia pia mambo ambayo hayapo. Hakuna jina la mteja wala thamani ya mzigo. Sifa za mwandishi hazipo popote, lakini mtu wa fani anayesoma ataona kwamba huyu anajua hati zake na anajua kwa nini ankara ilinganishwe mapema. Mwajiri wa kesho atamthamini kwa hilo zaidi ya neno "mafanikio". Sentensi ya mrithi nayo ina kazi yake: inawaambia wateja pa kwenda kesho asubuhi, na inamkaribisha anayeingia mbele ya watu wote.

Nina wateja wengi kwenye LinkedIn. Niwaambie wanifuate?

Usiwaambie. Mikataba mingi ya kazi za mauzo, uwakala, benki na bima ina kifungu kinachokukataza kuwavuta wateja wa mwajiri kwa muda fulani baada ya kuondoka, na chapisho la hadharani lenye "namba yangu ni ileile, tuendelee kuwasiliana" linaweza kuletwa kama ushahidi. Usome mkataba wako kabla ya kuandika neno "wateja". Ndiyo maana katika mfano wetu mwandishi anawakabidhi kwa mrithi na kuishia hapo. Mteja anayekutaka wewe atakutafuta mwenyewe.

Nitaje watu kwa alama ya @, au niandike majina tu?

Waulize kwanza. Ukimtaja mtu kwa @, anapata taarifa, na wanaomfuata wanaweza kuliona chapisho. Wapo wasiopenda hivyo, na yupo ambaye naye anatafuta kazi kimyakimya na hataki macho ya bosi yamwangukie wiki hii. Ujumbe mfupi unatosha: "Dada, nimekuandika kwenye chapisho langu la kuaga, mstari ni huu. Uko sawa nikikutagi?" Mtu akikataa, mtaje kwa nafasi yake. Usiwatagi watu ambao hukuwaandikia chochote ili tu chapisho lisambae. Wataona taarifa, watakuja kutafuta shukrani yao, na hawataikuta.

Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Angalia mlikuwa mnasemezana kwa lugha gani. Kama miaka sita mlielekezana, mkataniana na kupeana pole kwa Kiswahili, shukrani iliyoandikwa kwa Kiingereza itasomwa na waajiri, na wenzako wataisikia kama barua ya ofisi. Kwa timu ya nchi kadhaa, andika Kiswahili juu, na chini yake muhtasari wa mistari miwili kwa lugha ya wengine. LinkedIn pia ina kitufe cha tafsiri chini ya machapisho mengi, ingawa tafsiri hiyo hupoteza utani na namna mnavyoitana.

Niweke picha gani?

Picha ya kundi, nawe usiwe katikati. Usiweke picha ya keki kama waliozunguka meza hawaonekani. Waombe ruhusa wote wanaoonekana, na ukuze picha uangalie nyuma yao: ubao wenye namba za makontena, skrini iliyofunguliwa, faili lenye jina la mteja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za mteja zilizoonekana nyuma ya picha ya kuagana bado ni taarifa za mteja. Fanya ukaguzi huu kabla ya kuchapisha, kwa kuwa maneno utaweza kuyahariri baadaye lakini picha huwezi kuibadilisha. Itabidi ufute chapisho lote, na maoni ya watu yataondoka nalo.

Nilijizuia kwenye chapisho, lakini LinkedIn ikatangaza cheo changu yenyewe. Ilikuwaje?

Uliongeza kazi mpya kwenye wasifu huku kitufe cha `Notify network` kikiwa kimewashwa. Kikiwashwa, watu wako hupelekewa taarifa ya kukupongeza kwa cheo na jina la mwajiri mpya. Ukurasa wa kujaza kazi mpya ndio wenye kitufe hicho, kizime kabla ya kuhifadhi. Kuna na mpangilio wa jumla: ingia `Settings & Privacy`, kisha `Visibility`, kisha `Share profile updates with your network`, uzime. Na usiharakishe kubadilisha wasifu siku ileile ya kuaga. Tarehe ya mwisho ya kazi ya zamani unaweza kuijaza mara moja, ya mpya ikasubiri uanze kazi kweli.

Sikuondoka vizuri. Niandike nini?

Kama ulipunguzwa kazi, sema hivyo kwa sentensi moja, kwa mfano "nafasi yangu ilikuwa miongoni mwa zilizofutwa mwezi huu", kisha endelea na watu. Usiandike "nimeamua kutafuta changamoto mpya" wakati wenzako wanajua ukweli, kwa kuwa ukidanganya kwenye sentensi ya kwanza, shukrani zinazofuata hazitaaminika.

Kama uligombana na uongozi, ishukuru timu na uiache kampuni bila sifa wala shutuma. Usitumie shukrani kumpiga mtu kijembe, kama "nawashukuru hata walionikatisha tamaa". Kila mtu ofisini atamjua anayesemwa, na wale uliotaka kuwashukuru watajikuta katikati ya ugomvi. Kama bado una madai ya mshahara, likizo au cheti cha utumishi, subiri yaishe kwanza ndipo uandike.

Kwenye maoni wanauliza "unaenda wapi?" na wengine wanasema "hongera kwa cheo!" Niwajibu vipi?

Wa kwanza mwambie: "Nitawajulisha nikishatulia, ahsante kwa kuuliza." Hakuna anayestahili zaidi ya hapo hadharani, na wa karibu mpigie simu. Wa pili mshukuru kwa neno moja, usiongeze maelezo.

Muda wako mwingi uweke kwa wenzako wa zamani wanaokuja kusimulia. Mmoja akiandika "unakumbuka ile siku mfumo uligoma Ijumaa jioni?", mjibu kwa kumtaja aliyeokoa siku hiyo. Hapo maoni yanakuwa mwendelezo wa chapisho, na wale waliokosa nafasi juu wanapata yao. Jibu ndani ya siku mbili za kwanza, maana baada ya hapo wengi hawarudi kusoma.

Liwe na urefu gani?

LinkedIn inaruhusu hadi herufi 3,000. Mfano wetu hauzidi nusu ya hizo. Ukiona unavuka hapo, tafuta mtu uliyemwekea sifa bila tendo: ama umpatie tendo lake, ama umhamishie kwenye ujumbe binafsi.